Waliopigwa picha waliishi zaidi, lakini vifo havikupungua

*Mume wangu ana miaka 58 na amevuta sigara tangu ujana, pakiti nzima kwa siku. Hakohoi wala hajapungua mwili. Kliniki moja hapa mjini inatangaza picha ya kifua kila miezi minne kwa wavutaji, na kwenye bango wameandika kwamba waliogunduliwa na saratani kwa uchunguzi huo wana nafasi maradufu ya kuwa hai baada ya miaka mitano kuliko waliosubiri dalili. Daktari wetu anasema picha hizo hazitamsaidia. Inawezekanaje ugonjwa ujulikane mapema halafu isimsaidie mtu? — Msomaji, Tanga*

Dada yangu, bango hilo linaweza kuwa na takwimu ya kweli, na daktari wenu akawa amesema kweli vilevile. Nimeshughulika na takwimu za saratani kwa muda mrefu, na sijaona hesabu inayowapotosha watu wenye nia njema, madaktari wakiwemo, kama hii ya miaka mitano. Bahati nzuri ni kwamba jambo lenyewe mnaloshauriwa, yaani picha ya kifua kila miezi minne kwa wanaume wanaomaliza pakiti kwa siku, liliwahi kufanyiwa jaribio kubwa, na matokeo yake yanajulikana. Nitafika huko. Kwanza tuangalie hiyo miaka mitano inahesabiwaje.

Hesabu huanza siku mgonjwa anapoambiwa ana saratani, si siku saratani ilipoanza. Siku hiyo ya kwanza inaweza kusogezwa, na ukiisogeza nyuma miaka inaongezeka hata kama siku ya kufa haijasogea.

Chukua mzee mmoja mwenye uvimbe kwenye pafu. Akiwa na miaka 63 uvimbe umeshakuwa mkubwa kiasi cha kuonekana kwenye eksirei, lakini hapigwi picha kwa sababu haumwi. Akifika 67 anaanza kukohoa damu, anakwenda hospitali, anaambiwa, anatibiwa, na anafariki akiwa na miaka 69. Ameishi miaka miwili tangu kugunduliwa, kwa hiyo haingii kwenye orodha ya waliofikisha mitano. Sasa mchukue mzee huyohuyo, na uvimbe uleule, ila safari hii amepigwa picha akiwa na 63. Anaambiwa, anapasuliwa, anatibiwa, lakini ugonjwa ulikuwa umeshasambaa kimyakimya na matibabu hayaubadilishi mwendo. Anafariki akiwa na 69, mwezi uleule ambao angefariki. Kwenye daftari ameishi miaka sita na amehesabiwa kuwa mmoja wa waliofanikiwa. Ukiwa na wazee 100 wa namna hii, walio hai baada ya miaka mitano watapanda kutoka 0 hadi 100 kwa mia, na hakuna aliyeongezewa hata siku moja. Walichoongezewa ni miaka minne ya kujijua kuwa wagonjwa, pamoja na kovu la upasuaji.

Miaka hiyo minne, kati ya siku uchunguzi ulipouona ugonjwa na siku ambayo dalili zingeufichua zenyewe, tunaiita muda wa kutangulia. Kila uchunguzi unaogundua jambo mapema unao, ule unaookoa na ule usiookoa. Ndiyo maana kule kuishi muda mrefu baada ya kugunduliwa hakuwezi kututofautishia uchunguzi mzuri na usiofaa.

Najua swali linalofuata: kwa nini matibabu ya mapema yasibadilishe chochote? Tatizo liko kwenye hilo neno mapema. Uvimbe wa sentimita moja, ambao kwenye picha ya kifua daktari mwenye jicho zuri anaweza kuuona au kuukosa, unakadiriwa kuwa na seli zipatazo bilioni moja. Kutoka seli moja hadi kufika hapo umeshajigawa maradufu takriban mara 30, na baada ya mara nyingine kama 10 mwili hauwezi kuubeba tena. Kwa hiyo kinachoitwa mapema kwenye filamu, kwa umri wa uvimbe wenyewe ni uzee. Kama ni wa aina inayotawanya seli kwenye mifupa au ubongo, mara nyingi ulikuwa umeshazitawanya kabla mashine haijauona. Kama ni wa aina isiyotawanya haraka, huenda ungetibika hata ukisubiri dalili. Uchunguzi unaokoa pale tu ambapo kati ya siku unapoonekana na siku unaposambaa kuna nafasi ya kutosha, na pawe na tiba inayofaa kutumika ndani ya nafasi hiyo. Nafasi hiyo ipo kwa saratani fulani na vipimo fulani, na kwa vingine haipo.

Kuna jambo la pili, ambalo naona ni gumu zaidi kulishtukia. Saratani za pafu hazikui kwa kasi moja hata kidogo. Zipo zinazotoka kwenye kuonekana hadi kwenye dalili kwa wiki chache, na zipo zinazokaa miaka zikiongezeka kidogo kidogo. Anayepiga picha kila baada ya miezi minne hawezi kuzikamata zote kwa usawa. Simama bandarini hapo Tanga mara moja kwa siku uhesabu vyombo: majahazi yanayopakia kwa siku nzima utayakuta yote, na boti ziendazo kasi, zinazoshusha abiria na kuondoka, nyingi zitakupita bila kuziona. Hesabu yako itasema bandari imejaa majahazi, hata kama boti zilizoingia ni nyingi vilevile.

Tuiweke kwenye tarakimu. Tuseme kuna wanaume 100 wenye saratani kali, inayoonekana kwenye picha mwezi mmoja tu kabla ya dalili, na wengine 100 wenye saratani ya polepole, inayoonekana kwa miaka miwili kabla ya dalili. Picha ya kila miezi minne itawakamata kama 25 wa kundi kali, kwa sababu mwezi mmoja ni robo ya miezi minne. Wale 75 wataanza kuumwa katikati ya picha mbili na kwenda wenyewe hospitali. Wa polepole watakamatwa wote 100. Sasa waliogunduliwa kwa uchunguzi ni 125, na wanne kati ya kila watano wana ugonjwa wa polepole. Waliogunduliwa kwa dalili ni 75, na wote wana ugonjwa mkali. Walinganishe. Hata kama wote 200 wangepewa maji ya sukari badala ya dawa, kundi la uchunguzi lingeishi muda mrefu zaidi, kwa sababu kipimo chenyewe kilishachagua wenye ugonjwa mpole.

Ukiifuata njia hii hadi mwisho wake, unakutana na uvimbe unaokua polepole kiasi kwamba mwenyewe angekufa kwa moyo, kiharusi au uzee akiwa hajaujua kabisa. Darubini inauita saratani, na kwa sura ni saratani. Mtu wa namna hii akigunduliwa hawezi kufa kwa ugonjwa huo, kwa hiyo anaingia kwenye takwimu za waliopona, na takwimu zinapendeza. Zamani madaktari wengi hawakuamini kwamba jambo hili linaweza kutokea kwenye pafu, saratani inayojulikana kwa ukatili. Jaribio ninalotaka kukueleza lilisaidia kubadili mawazo hayo.

Mwaka 1971 Kliniki ya Mayo, katika mji wa Rochester, jimbo la Minnesota huko Marekani, ilianza kuandikisha wanaume wa miaka 45 na kuendelea waliokuwa wakivuta pakiti moja au zaidi kwa siku. Yaani watu kama shemeji. Kwanza wote walipigwa picha na kupimwa makohozi, na waliokutwa tayari na saratani wakawekwa kando. Walibaki wanaume 9,211, wakagawanywa kwa bahati nasibu mafungu mawili yanayokaribia kulingana. Fungu moja liliitwa kila miezi minne kwa miaka sita kwa picha ya kifua na kipimo cha makohozi. Fungu la pili walishauriwa tu mwanzoni kwamba wapime mara moja kwa mwaka, kisha wakaachwa na madaktari wao wa kawaida. Mwaka 1983 hesabu ikafungwa.

Katika fungu lililoitwa ziligunduliwa saratani za pafu 206, na katika fungu la pili 160. Waliokuwa hai miaka mitano baada ya kugunduliwa walikuwa kama thuluthi moja katika fungu la kwanza, na kama asilimia 15 katika la pili. Hapo ndipo penye ile maradufu ya kwenye bango. Laiti watafiti wangeishia hapo, ingetangazwa ushindi na kila mvutaji duniani angekuwa na miadi ya eksirei.

Hawakuishia hapo, kwa sababu walikuwa wamejiandaa kuhesabu vifo. Waliokufa kwa saratani ya pafu katika fungu lililopigwa picha walikuwa 122. Katika fungu la pili walikuwa 115. Kwa kila wanaume 1,000 kwa mwaka ni vifo 3.2 upande mmoja na 3.0 upande mwingine. Tofauti hiyo ndogo isikutishe, haimaanishi kwamba picha ziliua watu, kwani bahati peke yake inatosha kuileta. Inachoonyesha ni kwamba miaka sita ya picha haikupunguza vifo.

Tafadhali kaa na tarakimu hizo kidogo. Ukitoa 122 kwenye 206 wanabaki 84 ambao saratani haikuwaua. Ukitoa 115 kwenye 160 wanabaki 45. Wale 39 wa ziada wanaonekana kama watu waliookolewa. Lakini kama wangeokolewa, vifo vya upande wao vingepungua, na havikupungua. Walitoka kwenye zile saratani 46 zilizozidi kugunduliwa. Asilimia ya wanaoishi ilipanda kwa sababu idadi ya wanaoitwa wagonjwa iliongezeka, huku wanaokufa wakibaki walewale. Na kuna alama nyingine inayothibitisha hilo: wagonjwa ambao saratani yao ilikuwa imepita hatua ya kupasuliwa walikaribia kulingana kwa idadi pande zote mbili. Uchunguzi unaofanya kazi huziwahi saratani zikiwa changa, na kwa hiyo zile za hatua ya mwisho lazima zipungue. Hapa zile changa ziliongezeka, za mwisho zikabaki vilevile. Ukiambiwa popote kwamba baada ya uchunguzi kuanza asilimia ya wanaogunduliwa hatua ya kwanza imepanda, uliza kwanza kama idadi ya wa hatua ya nne imeshuka.

Mtu anaweza kutetea kwamba saratani 46 za ziada ni matokeo ya muda wa kutangulia tu, na kwamba fungu la pili lingezifikia dalili zikitoka. Ni hoja ya haki, na dawa yake ni kusubiri. Wanaume hao walifuatiliwa hadi mwishoni mwa miaka ya 1990. Fungu la pili halikulifikia la kwanza: saratani zilikuwa 585 kwa 500. Vifo vya saratani ya pafu, vilipohesabiwa hadi 1996, vilikuwa 337 upande uliopigwa picha na 303 upande mwingine. Saratani ambazo hata baada ya zaidi ya miaka 15 tangu uchunguzi kusimama hazijajitokeza kwa upande wa pili, sehemu yake kubwa ni zile ambazo mwenyewe hangezijua maisha yake yote. Mimi ndilo linaloniuma katika jaribio hili, kwa sababu watu hao hawakupewa tarakimu tu. Walipasuliwa kifua na kukatwa sehemu ya pafu, na walikuwa wavutaji ambao mapafu yao hayakuwa na akiba kubwa.

Kwa nini hesabu ya vifo haidanganyiki pale hesabu ya miaka mitano inapodanganyika? Kwa sababu inaanza siku ya bahati nasibu, ambayo ni ileile kwa wote, na inawahesabu wote walioandikishwa, wagonjwa na wazima. Yule mzee wetu wa miaka 69 ni kifo kimoja katika fungu lolote atakalokuwa, hata ukimgundua miaka minne mapema. Saratani za polepole zimegawanyika sawasawa pande zote kwa sababu hakuna aliyechagua nani aende wapi. Na mwenye uvimbe usio na madhara hawezi kuipamba hesabu, maana hangekufa kwa ugonjwa huo, agunduliwe au asigunduliwe.

Jaribio la Mayo lilikuwa na kasoro zake. Wengi wa fungu la pili walipigwa picha kwa hiari yao, na si wote wa fungu la kwanza waliitikia kila wito. Kwa hiyo Marekani ilirudia kwa ukubwa zaidi kuanzia 1993, ikiwagawa watu 154,901 wa miaka 55 hadi 74, wanaume kwa wanawake, nusu wakipewa picha ya kifua kila mwaka kwa miaka minne. Matokeo yalitoka 2011: baada ya ufuatiliaji uliofika miaka 13, vifo vya saratani ya pafu vilikuwa 1,213 kwa waliopigwa picha na 1,230 kwa wengine. Kwa picha ya kawaida ya kifua mjadala uliishia hapo, na ndicho daktari wenu alichokuwa anakuambia.

Nisikuache ukidhani kwamba kila uchunguzi ni bure. Mwaka huohuo wa 2011 lilichapishwa jaribio jingine la Marekani, la watu 53,454 waliovuta sana, walau sawa na pakiti moja kwa siku kwa miaka 30. Nusu walipigwa sitiskani ya dozi ndogo ya mionzi kila mwaka kwa miaka mitatu, nusu eksirei ya kawaida. Safari hii vifo vyenyewe vilipungua: katika kila watu 1,000, kwa miaka kama sita na nusu, walikufa kwa saratani ya pafu 21 upande wa eksirei na 18 upande wa sitiskani. Watatu katika elfu si wengi kama bango lingependa, ila ni watu waliookoka kweli. Sitiskani huona uvimbe mdogo mno, na kwa baadhi ya watu udogo huo unatosha kuuwahi kabla haujasambaa.

Kwa umri wake na pakiti zake, shemeji angestahili kuingia kwenye jaribio hilo, kwa hiyo huenda kesho mtu akamshauri sitiskani. Jueni kwamba picha karibu zote zilizoonyesha jambo la kutiliwa shaka, 96 katika kila 100, hazikuwa saratani. Hiyo ni Marekani. Kwetu, ambako kifua kikuu kimepita kwenye mapafu ya watu wengi na kuacha makovu na vinundu, mashaka ya bure yatakuwa mengi zaidi, na kila shaka inataka picha za marudio, pengine sindano ya kuchukua kinyama kifuani. Faida ile ya watatu katika elfu ilipatikana mahali palipokuwa na wasomaji wa picha waliozoea, utaratibu wa kufuatilia vinundu, na madaktari bingwa wa upasuaji wa kifua. Kabla ya kulipa, ulizeni nani atafanya hayo yote hapa, na kwa gharama ya nani.

Kliniki yenye bango nayo iulizeni swali moja tu: kati ya watu wote walioandikishwa, na si waliogunduliwa, wangapi hawakufa kwa saratani ya pafu kwa sababu ya picha hizi? Wakiwajibu kwa asilimia ya walioishi miaka mitano, swali lenu halijajibiwa.

Haya yote ni ya mtu asiye na dalili. Shemeji akianza kukohoa kwa wiki mbili bila nafuu, akitema damu, akipungua mwili au kukosa pumzi, aende hospitali siku hiyohiyo, apigwe picha na kupimwa makohozi. Hapo si uchunguzi wa mtu asiyeumwa tena, ni kumtafutia mgonjwa ugonjwa wake, na mara nyingi kwetu utakuwa kifua kikuu, ambacho kinatibika. Na lipo jambo linalopunguza vifo vya saratani ya pafu kuliko mashine yoyote: akiacha sigara leo, baada ya miaka kama kumi hatari yake ya kufa kwa saratani hiyo itakuwa takriban nusu ya ile ya mwenzake anayeendelea kuvuta. Kuacha baada ya miaka 40 ya pakiti kwa siku ni kazi ngumu, kwa hiyo asiachiwe peke yake. Mwambieni daktari wenu huyohuyo awasaidie, maana inaonekana ni mtu anayewajali.

Nawe dada yangu, kama una miaka 30 au zaidi, uchunguzi wa mlango wa kizazi usiuweke kapu moja na picha za kifua. Kule Mumbai, India, wanawake zaidi ya 150,000 waligawanywa kwa bahati nasibu kufuata mitaa yao, na wahudumu wa afya wa kawaida, si madaktari, wakawapima wa upande mmoja kwa kupaka siki kwenye mlango wa kizazi na kuangalia, kila baada ya miaka miwili. Baada ya miaka 12 vifo vya saratani ya mlango wa kizazi vilikuwa vimepungua kwa asilimia 31 upande huo. Sababu ya tofauti iko kwenye ugonjwa wenyewe: kwenye mlango wa kizazi mabadiliko huanza kuonekana miaka mingi kabla hayajawa saratani, na yanaweza kuondolewa palepale yakiwa bado si kitu. Siki hiyohiyo hutumika kwenye vituo vingi vya afya vya serikali hapa nchini, na kipimo huchukua dakika chache.